Safu ya Ushauri: Nimechanjwa Mara Tatu, Kinga Imesoma 6. Nianze Upya?

*Daktari, shikamoo. Mimi ni muuguzi wa miaka 33, nafanya kazi zahanati ya binafsi upande wa Likoni. Nilichanjwa homa ya ini aina B mwaka 2021: dozi ya kwanza 11 Machi, ya pili 12 Aprili, na ya tatu ikachelewa mpaka 4 Desemba kwa sababu chanjo ilikuwa imekwisha. Kadi ninayo, lakini sikupimwa kinga baada ya hapo. Mwezi huu wa Agosti 2025 nimeomba kazi hospitali moja ng'ambo ya feri, wakataka kipimo. Majibu ya kingamwili, Anti-HBs, yamesema 6 mIU/mL, na chini yake wameandika kwamba sina kinga. Mtu wa maabara kaniambia chanjo zile zimeharibika, nianze tatu upya. Mwenzangu kazini asema nipige busta moja nisahau. Daktari wetu asema sihitaji kitu, mwili una kumbukumbu. Nimsikilize nani? Nina kilo 94, ninanyonyesha mtoto wa miezi saba, na chanjo najilipia mwenyewe.*

*Muuguzi wa Likoni*

Marahaba, dada. Pigwa dozi moja, kisha upimwe tena Anti-HBs baada ya wiki nne hadi nane. Usianze tatu upya kwa sasa, usiache hivi hivi, na usipige hiyo moja ukasahau. Kati ya hao watatu hakuna aliyekudanganya, ila hakuna aliyekutazama tarehe, na jambo lako lote liko kwenye tarehe.

Ile namba 10 ambayo maabara huitumia kama mpaka ina wakati wake. Inasomwa mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho, wakati kingamwili ziko juu kabisa. Aliyefika 10 au zaidi katika dirisha hilo anahesabiwa kwamba chanjo imemshika. Baada ya hapo namba huteremka kwa kila mtu, kwa kasi mwaka wa kwanza, kisha polepole. Kwako wewe dirisha lilikuwa Januari na mapema Februari 2022, na hukupimwa. Sasa umepimwa miaka mitatu na miezi minane baada ya dozi ya tatu, na mpaka ule ule wa 10 ukatumiwa kama kwamba ulichanjwa juzi.

Kwa hiyo hiyo 6 yako ina maana mbili na karatasi haiwezi kuzitenganisha. Huenda Januari 2022 ulikuwa na 300, zikashuka taratibu mpaka hapa, na seli za kumbukumbu zimo mwilini zinangoja. Au huenda hukuwahi kuvuka 10 hata siku moja, kwa sababu katika watu wazima wenye afya wapo wachache ambao dozi tatu haziwashiki. Wa kwanza analindwa vizuri, wa pili halindwi, na wote wawili leo wanasoma 6.

Daktari wenu ametegemea ile maana ya kwanza, na msingi wake ni wa kweli. Virusi vya homa ya ini aina B ni vya polepole: tangu viingie mpaka ugonjwa uonekane hupita kama siku 60 hadi 150. Seli za kumbukumbu zikivikuta huamka na kutoa kingamwili mpya ndani ya siku chache, kwa hiyo mwili unawahi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halishauri busta kwa mtu mwenye afya aliyemaliza dozi zake, hata kama namba imeshuka. Lakini kumbukumbu huwa nayo yule aliyeitikia chanjo, na wewe huna karatasi inayosema uliitikia. Ungekuwa na jibu la Januari 2022 lenye 10 au zaidi, ningekwambia umpelekee mwajiri karatasi hiyo na shauri liishe, hata leo ungesoma 2. Na ungekuwa unauza mboga Kongowea, hakuna ambaye angekuambia upime kabisa. Wewe unashika damu na sindano kila siku, kwa hiyo kukisia hakutoshi.

Kuhusu mtu wa maabara, dozi zako hazijaharibika na hazifutiki. Dozi ikichelewa haidhuru, unaendelea ulipoishia. Kinachobatilisha dozi ni kuwahi mno. Ya pili isipungue wiki nne baada ya ya kwanza, ya tatu isipungue wiki nane baada ya ya pili, na pia isipungue wiki 16 tangu ya kwanza. Kwako kati ya 11 Machi na 12 Aprili ni siku 32, na kati ya 12 Aprili na 4 Desemba ni karibu miezi minane. Zote tatu zinahesabika. Dozi utakayopigwa sasa ni ya nne, na iandikwe hivyo kwenye kadi, isiandikwe ya kwanza.

Hiyo dozi ya nne usiifikirie kama busta tu. Ni swali unaloliuliza mwili: unakumbuka au hukumbuki? Mwili unaokumbuka hujibu kwa nguvu, namba hupanda haraka na mara nyingi huenda mbali sana juu ya 10. Usiokumbuka hubaki chini au husogea kidogo tu. Ndiyo maana kipimo cha baadaye kina thamani sawa na sindano yenyewe. Ukipiga moja ukasahau, kama mwenzako anavyosema, umetumia pesa na bado hujui uko upande gani. Ukipima siku ya tano ni mapema mno, na ukipima baada ya miezi sita utarudi pale pale ulipo leo, na namba isiyosema kitu.

Kabla ya sindano, siku hiyo hiyo, toa damu kwa vipimo vingine viwili: HBsAg, kinachotafuta virusi vyenyewe, na Anti-HBc, kinachoonyesha kama uliwahi kukutana navyo. Katika miongozo mingi hivi huachwa mpaka mtu apigwe mifululizo miwili ya dozi tatu, na zote sita zishindwe. Mimi kwako ningevitanguliza. Ulizaliwa kabla ya mwaka 2001, mwaka ambao chanjo ya homa ya ini aina B iliingizwa Kenya ndani ya ile ya pamoja wanayopewa watoto wachanga wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Watu wa umri wako walikua bila hiyo, na wapo walioambukizwa utotoni bila kujua. Mtu aliye na virusi tayari hawezi kupandisha Anti-HBs hata apigwe dozi kumi, na huko ni kumwaga pesa huku tatizo lenyewe likiendelea.

Mpangilio wa kutoa damu kwanza, sindano baadaye, una sababu. Chanjo yenyewe ni kipande cha ganda la kirusi, ndicho hicho hicho ambacho kipimo cha HBsAg kinakitafuta. Ukipimwa ndani ya siku 18 hivi baada ya kuchanjwa, kipimo kinaweza kuikuta chanjo mwilini kikasema una virusi, nawe ukapoteza usingizi bure. HBsAg ikitoka chanya kabla ya chanjo, simamisha mpango wa dozi, nenda kliniki ya ini upimwe wingi wa virusi, na mtoto apimwe na kufuatiliwa pia. HBsAg ikiwa hasi na Anti-HBc chanya, ina maana huenda uliwahi kukutana na virusi siku za nyuma. Mwone daktari kabla ya kununua dozi zaidi. Zote mbili zikiwa hasi, songa mbele. Na soma neno vizuri kwenye karatasi: HBsAg chanya ni habari mbaya, Anti-HBs chanya ni habari njema, na herufi hizo zinafanana kiasi cha watu kuzichanganya hata katika zahanati.

Kitu ambacho hakuna kati ya wale watatu aliyekuuliza ni jinsi ulivyochomwa, na kwa kilo 94 hilo lina uzito. Chanjo hii hufanya kazi ikifika ndani ya msuli. Ikibaki kwenye mafuta, mwitikio hupungua. Ndiyo sababu takoni hapatumiki kwa mtu mzima: pale mafuta ni mengi na sindano ya kawaida haifiki nyama. Mahali pake ni msuli wa bega, vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega, sindano ikiingia wima. Kwa mwanamke aliyepita kilo 90 urefu unaofaa ni milimita 38. Sindano ya bluu ya geji 23 ambayo zahanati nyingi huwa nayo mezani kwa kawaida ni milimita 25, na katika mkono mnene inaweza kuishia njiani. Ya kijani ya geji 21 mara nyingi huja na urefu wa milimita 38. Usitegemee rangi peke yake. Geji na urefu vimeandikwa kwenye karatasi ya kifungashio, soma kabla hakijachanwa. Wewe ni muuguzi, huna haja ya kuona haya kumwambia mwenzako abadilishe sindano.

Tazama pia kichupa. Dozi ya mtu mzima kwa chanjo zilizo nyingi ni mikrogramu 20 katika mililita 1. Ya mtoto ni mikrogramu 10 katika nusu mililita, na kichupa chake hukaa friji moja na cha watu wazima. Ukichomwa cha mtoto umepata nusu. Kisha kitikiswe kabla ya kuvutwa. Antijeni, yaani kile kipande cha ganda la kirusi, imeshikamana na chumvi ya aluminiamu ambayo hutuama chini kama unga mweupe. Kichupa cha dozi kumi kisipotikiswa, wa mwanzo wanachomwa maji yenye chanjo kidogo na wa mwisho wanapata zito. Kikitikiswa vizuri kinatoka mawingu meupe yaliyo sawa kote.

Sasa baridi. Hapa Mombasa kila mtu anaogopa joto, hasa miezi ya kaskazi na stima inapokatika, na ni sawa kuogopa, kwa maana chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Lakini chanjo hii huvumilia joto la siku chache kuliko inavyovumilia barafu. Ikiganda mara moja tu, ile aluminiamu hujikusanya madonge, antijeni inabanduka, na nguvu hairudi hata ikiyeyuka ikaonekana maji kama kawaida. Zinagandia wapi katika mji wa joto hivi? Nyuma kabisa ya friji ndogo ya kemisti, ukutani panapotoka baridi. Na ndani ya kikasha, pale mtu anapotoa pakiti za barafu kwenye friza zikiwa ngumu kama jiwe, akazibana na vichupa, akavuka feri nazo akiamini amefanya jema. Pakiti iachwe nje kwanza mpaka ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo iingie kwenye kikasha, na vichupa visiguse barafu moja kwa moja.

Dalili ya kichupa kilichoganda unaiona kwa macho ukikishika karibu na mwanga. Kitikise, kisimamishe, kitazame kwa dakika kadhaa kando ya kingine cha kiwanda hicho hicho na namba ile ile ya toleo ambacho una hakika hakikuganda. Kizima hubaki na mawingu muda mrefu na hutuama polepole. Kilichoganda huonyesha chembechembe zinazoelea, hutuama upesi, na juu yake pakabaki maji maangavu matupu. Hicho hakitumiki. Kwa kuwa unalipa mwenyewe, chukua chanjo mahali penye kipimajoto ndani ya friji na daftari la kuandika nyuzi asubuhi na jioni, na uchomewe hapo hapo, usiibebe kwenye tuktuk mpaka kazini.

Haya, tuseme vipimo viwili vya kwanza vimetoka hasi na umechomwa dozi ya nne Jumatatu, 1 Septemba 2025. Kipimo chako kitaangukia kati ya 29 Septemba na 27 Oktoba. Rudi maabara ile ile, kwa sababu mashine tofauti hutoa namba tofauti kidogo, na ukibadilisha maabara hutajua kilichobadilika ni damu au ni mashine. Omba kipimo cha kiasi, chenye namba na kipimo cha mIU/mL. Wengine huandika IU/L. Ni kitu kimoja, usizidishe wala kugawanya. Ukipewa kipimo cha ukanda kinachotoa mstari tu, kikatae. Mstari hausemi 9 au 900.

Namba ikitoka 10 au zaidi, umemaliza. Mwili ulikumbuka, au umejifunza sasa. Vyovyote iwavyo umeitikia. Huhitaji dozi ya tano, huhitaji kupima kila mwaka, wala busta kila baada ya miaka mitano kama baadhi ya waajiri wanavyodai. Karatasi hiyo iweke pamoja na kadi maisha yako yote, maana miaka kumi ijayo namba itakuwa imeshuka tena na mtu mwingine atataka uanze upya. Wanaopimwa mara kwa mara ni kundi jingine: wanaosafishwa damu kwa mashine ya figo, ambao hupimwa kila mwaka na kuongezwa dozi wakishuka chini ya 10, na baadhi ya watu ambao kinga yao ya mwili imedhoofika. Wao hawafuati hesabu yako.

Iko namba inayosumbua kidogo, tuseme 14. Kwa kanuni ya 10 umepita. Waingereza hupendelea 100, na mtu aliye kati ya 10 na 100 humwongeza dozi moja papo hapo bila kupima tena. Mwajiri wako akitumia utaratibu huo, dozi moja ya ziada haina madhara na haistahili ugomvi. Asipoitaka, mimi nisingekutoa pesa.

Namba ikibaki chini ya 10, sasa ndipo maneno ya mtu wa maabara yanapopata nafasi, ila kwa hesabu nyingine. Unamaliza mfululizo wa pili, na dozi ya nne uliyokwisha kupigwa ni ya kwanza ya mfululizo huo. Zimebaki mbili tu: ya tano mara majibu yanapotoka, mwezi huo wa Oktoba, na ya sita mapema Machi 2026, yaani miezi sita baada ya ya nne. Kisha unapima tena Aprili 2026, mwezi mmoja hadi miwili baada ya ya sita. Umetumia dozi tatu, zile zile ambazo ungetumia kama ungeanza upya leo, lakini ulijipa nafasi ya kuishia kwenye moja.

Watu wengi walioshindwa mara ya kwanza huitikia katika mfululizo huu wa pili, lakini si wote. Uzito mkubwa, sigara, umri wa kupita miaka 40, kisukari, figo, virusi vya ukimwi, na maumbile ya kurithi vyote hupunguza mwitikio. Kwako uzito ndio ninaouona, na dawa yake ya karibu ni ile sindano ndefu. Kunyonyesha hakupunguzi kitu na chanjo haimdhuru mtoto, kwa maana haina kirusi kizima ndani yake.

Ukibaki chini ya 10 baada ya dozi sita zilizochomwa vizuri, hapo ndipo unapoitwa asiyeitikia, na hapo chanjo husimama. Usikubali kuuziwa ya saba na ya nane kwa matumaini. Unarudia HBsAg na Anti-HBc, na vikiwa hasi, unafanya kazi yako kama kawaida ukijua kwamba huna kinga ya chanjo. Si sababu ya kukunyima kazi. Ni sababu ya kuandikwa kwenye faili lako la afya ya kazini, ili ukijichoma wajue cha kukupa bila kuanza kuulizana.

Na hilo la kujichoma usilingojee mpaka mpango uishe, kwa kuwa linaweza kutokea kesho. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue kidonda wala usimimine jiki. Toa taarifa saa hiyo hiyo, mgonjwa wa sindano hiyo apimwe HBsAg, na pamoja nayo mambo ya virusi vya ukimwi yafuatwe kwa utaratibu wake. Mgonjwa akiwa chanya, au asipojulikana, mtu aliye kama wewe leo, mwenye dozi tatu, Anti-HBs chini ya 10 na mwitikio usiojulikana, hupewa kingamwili za tayari, yaani HBIG, mara moja, na dozi ya chanjo kwenye mkono mwingine, kisha akamaliza mfululizo. Aliyeshindwa na dozi sita hupewa HBIG mara mbili, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na chanjo haiongezwi. Ifaavyo ni ndani ya saa 24; zikipita siku saba tangu kuchomwa, haijulikani kama ina faida yoyote.

Kwa aina ya HBIG inayopimwa kwa uzito wa mwili, hesabu ni mililita 0.06 kwa kila kilo, kwa hiyo wewe wa kilo 94 ni mililita 5.6 hivi, nyingi mno kwa mahali pamoja, hugawanywa katika misuli miwili au zaidi. Dawa hii ni ghali na haikai kila kemisti. Jambo la kufanya wiki hii, kabla hata ya kununua chanjo, ni kuuliza hospitali unayokwenda kuomba kazi: HBIG inawekwa wapi, nani anashika ufunguo usiku, na wikendi mnaipata vipi. Jibu lao litakuambia mengi kuhusu mahali hapo kuliko fomu waliyokupa.

Na ikitokea umepewa HBIG, ule mpango wa kupima wiki nne hadi nane baada ya dozi unavunjika. Kingamwili ulizodungwa zitasoma kwenye mashine kama zako, utaonekana una kinga na kumbe ni za kuazima, zitaisha. Hapo subiri miezi sita tangu siku ya HBIG ndipo utoe damu ya Anti-HBs, na umwambie mtu wa maabara aandike tarehe hiyo kwenye fomu ya kipimo.